Uchapaji wa Bila Kutazama Kibodi: Mazoezi ya Safu ya Msingi

Uchapaji huu hutegemea kumbukumbu ya vidole. Vidole vinne vya kushoto hukaa juu ya A, S, D na F. Vya kulia juu ya J, K, L na nukta-mkato. F na J zina kinundu ambacho vidole vya shahada hukipapasa, na kila kidole kinachofikia safu nyingine hurejea mahali pake.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, ugumu huanzia kwenye A: herufi hii hutumika mno, ilhali hubonyezwa na kidole cha mwisho cha kushoto, ambacho ni dhaifu. Neno “dada” likitokea kama “fsfs”, mkono wa kushoto umesogea kulia kwa kitufe kimoja. Kinundu cha F kitafutwe upya.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Wiki ya kwanza mwanafunzi achape “kaa”, “faa”, “lala”, “dada” na “jalada”, yanayoandikwa kwa safu ya msingi pekee. Makosa yasipozidi 5 katika herufi 100, aongeze E na I kwa “kelele” na “dalili”. Yakizidi, apunguze kasi, wala asitazame vidole.