Kufanana na kuwa sawa: kimo cha mti kwa kivuli chake

Katika mazungumzo, vitu "vinavyofanana" ni vile vinavyokaribiana kwa sura. Jiometri hudai zaidi: pembetatu mbili hufanana pembe zake zinapokuwa sawa, na hapo pande zake huwa katika uwiano mmoja, hata moja ikiwa ndogo na nyingine kubwa. Pembetatu zilizo "sawa" hutoshana pia kwa ukubwa.

Tuseme mkaratusi umepigwa picha Izimbya, Kagera, saa tatu na nusu asubuhi, karibu na fimbo iliyosimikwa wima mahali tambarare. Kimo cha fimbo ni mita 1.5 na kivuli chake mita 2. Kivuli cha mti, kikipimwa kuanzia katikati ya shina, ni mita 16. Miale ya jua huja sambamba, hivyo pembetatu hizo hufanana:

kimo ÷ 16 = 1.5 ÷ 2
kimo = mita 12

Vivuli vipimwe ardhini, kwani picha hukifupisha kivuli kinachoielekea kamera. Vimo vyaweza kulinganishwa pichani, lakini iwapo tu fimbo na mti viko umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Fimbo ikisogezwa mbele huonekana ndefu, na mti hupunjwa.

Izimbya iko karibu na Ikweta. Kuelekea saa saba mchana jua hukaribia utosi. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 10 na cha mti 80, kukipunguza cha fimbo kwa sentimita 1 tu huurefusha mti kwa zaidi ya mita 1. Tena, saa hiyo kivuli cha kilele humezwa na uvuli wa matawi.