Kitufe Kiseme Kitakachotokea

Mama anayeuza chai nje ya ofisi yetu hapa Dar es Salaam ndiye aliyenionyesha kwamba kitufe nilichokiandika hakikuwa kinasema kitu. Nilikuwa naandika maneno ya programu ya kukatia tiketi za basi. Nikampelekea simu yenye skrini ya mwisho, sehemu yote ya juu nimeifunika kwa kiganja, kimebaki kitufe cha kijani peke yake. Kimeandikwa “Endelea”.

“Mama, ukibonyeza hapa kitatokea nini?”

“Si naendelea tu, mwanangu. Naendelea wapi, hilo wewe ndiye unajua.”

Kitufe kile kilikuwa cha kulipia. Ukikibonyeza, simu inaletewa ombi la namba ya siri, na ukiiweka, nauli ya Sh 42,000 inakatwa. Maelezo yote hayo yalikuwepo pale juu, chini ya kiganja changu. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba msafiri atayasoma. Lakini msafiri yuko kwenye daladala, simu mkono mmoja, mkono mwingine ameshika bomba. Macho yake yanatafuta rangi ya kitufe, na anachosoma ni lile neno lililo ndani yake.

Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikata shauri lililohusu jambo hilihili. Mtu mmoja alikuwa ameweka nafasi ya vyumba vinne kwenye hoteli ya Ujerumani kupitia mtandao, kisha hakutokea. Hoteli ikamdai euro 2,240 za kutofika. Kitufe cha mwisho alichobonyeza kilikuwa kimeandikwa kwa Kijerumani maneno ya kukamilisha uwekaji wa nafasi. Sheria ya Ulaya inataka kitufe cha namna hiyo kionyeshe wazi kwamba anayebonyeza anajifunga kulipa. Swali likawa: je, tuangalie na maelezo yaliyokizunguka? Mahakama ikajibu kwamba yanayohesabika ni maneno yaliyo kwenye kitufe chenyewe. Kisha ikaiachia mahakama ya Ujerumani ipime kama kwa msemaji wa kawaida wa Kijerumani neno lile la kuweka nafasi linabeba maana ya kulipa.

Swali hilo la mwisho ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu jibu lake limo ndani ya lugha. Tuliulize kwa Kiswahili. “Shika nafasi” hakubebi malipo: unaweza kumpigia wakala stendi akushikie kiti, ukalipa kesho asubuhi ukifika. “Kata tiketi” ni habari nyingine, maana hakuna anayekata tiketi bila kutoa hela. Na “Lipa Sh 42,000” hakumwachii mtu lolote la kubahatisha. Hilo ndilo nililoliandika mahali pa “Endelea”. Tulipolijaribu kwenye simu ndogo ya bei nafuu, kitufe kikakatwa mwishoni, ikasomeka “Lipa Sh 42”. Ilibidi tupunguze ukubwa wa herufi na kupanua kitufe. Kiasi cha pesa kilichokatwa ni kibaya kuliko kutokuwepo kabisa.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Kitenzi kimoja hubeba anayetenda na anayetendewa, kwa hiyo kitufe hakihitaji kuwa kirefu. “Nitumie ratiba” ni maneno mawili tu, na ndani yake yumo msafiri anayeomba, ofisi inayotuma, na kitu kitakachofika. Linganisha na “Wasilisha”, neno linaloonekana chini ya fomu nyingi. Mtu anawasilisha nini, kwa nani, ili apate nini? Sijawahi kumsikia mtu akilitumia dukani.

Bango la programu hiyo nalo lilikuwa na shida yake. Rasimu niliyopewa ilisema “HARAKA! Viti 2 tu vimebaki!”, na pembeni saa inahesabu dakika 10 kurudi nyuma. Nikaifungua upya, saa ikaanza tena kwenye 10. Nikaifungua kwenye simu ya mwenzangu, naye akaambiwa viti 2, kwa basi tofauti, siku tofauti. Hivyo ndivyo msomaji yeyote anavyoweza kuitambua hofu ya kutengenezwa: fungua upya ukurasa, au mwombe mtu mwingine afungue kwenye simu yake. Kama idadi na saa haviendani na kitu chochote halisi, hapo unasukumwa. India iliiweka mbinu hii kwenye mwongozo wake wa Novemba 2023, ndani ya orodha ya mbinu 13 za kumhadaa mnunuzi ambazo imezipiga marufuku.

Haraka yenyewe haina ubaya ikiwa ni ya kweli. Basi la saa 12 asubuhi haliwezi kumngoja mtu, na kumficha msafiri habari hiyo ni kumkosea. Tulichofanya ni kuunganisha bango na daftari la viti. Likawa linasema “Basi la Arusha, kesho saa 12 asubuhi: viti 7 vimebaki”, na idadi inabadilika kiti kinapouzwa au kurudishwa. Nilisisitiza neno “asubuhi” libaki. Simu nyingi huandika 06:00, sisi tunasema saa 12, na mtu aliyesoma “saa 6” bila neno la kufuatia anaweza kufika stendi adhuhuri basi likiwa limeshapita Korogwe.

Kulikuwa pia na kidirisha cha bima ya mzigo. Kitufe cha kukubali: “Ndiyo, linda mzigo wangu”. Cha kukataa: “Hapana, sijali mzigo wangu ukipotea”. Hicho ni kijembe. Khanga ina haki ya kusuta, na inasuta vizuri, lakini anayeuza bima hana haki ya kumsuta abiria kwa kutoinunua. Orodha ya India inalo na hili. Tukaandika “Ongeza bima, Sh 1,500” na “Endelea bila bima”, herufi za ukubwa mmoja, vitufe vya upana mmoja. Sikutaka hata kile cha kukataa kiwe cha kijivu hafifu, kwa kuwa kitufe kinachofanana na kilichozimwa nacho kinasukuma.

Mwenye programu aliniuliza kama mauzo hayatapungua. Nilimjibu kweli: wanaobonyeza huenda wakapungua, maana waliokuwa wakibonyeza bila kujua wataacha. Nikamwomba asihesabu mibonyezo peke yake, ahesabu pia waliomaliza kulipa, na simu zinazopigwa ofisini na watu wanaouliza pesa yao imekwenda wapi. Maneno mazuri hayataokoa nauli iliyo ghali au basi linalochelewa.

Skrini iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ya kufuta safari. Ilikuwa inauliza “Una uhakika unataka kughairi?” na chini yake vitufe viwili, “Sawa” na “Ghairi”. Nikarudi kwa mama wa chai. Aliitazama kwa muda. “Nikibonyeza ghairi, naghairi safari au naghairi kughairi?” Hata mimi niliyekuwa nimeishika simu nilitaka kufikiri kabla ya kujibu. Tukabadilisha swali na vitufe vyote: “Ufute tiketi ya Arusha, kesho saa 12 asubuhi? Utarudishiwa Sh 33,600.” Kitufe cha kwanza “Futa tiketi”, cha pili “Baki na tiketi”. Nikafunika swali kwa kiganja, nikampa simu tena.

“Hiki kinafuta,” akasema, kidole juu ya cha kwanza, “na hiki nasafiri.” Kisha akaniuliza hizo Sh 8,400 zilizobaki zinakwenda kwa nani. Hilo halikuandikwa popote kwenye ile skrini, na kesho yake nililiongeza.