Salamu na Shida Katika Ujumbe Mmoja

Tuseme karani wa ununuzi anamwandikia mhasibu wao kwenye WhatsApp saa 3:10 asubuhi: "Habari za asubuhi dada." Anasubiri. Mhasibu yuko katikati ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, na anaiona meseji saa 3:35. Anajibu, "Nzuri, za kwako?" Wakati huo karani ameshashuka stoo. Saa 4:05 anaandika, "Nzuri tu, nashukuru. Uko bize?" Saa 4:40 anajibiwa, "Kidogo, sema tu." Ikifika saa 4:50 ndipo shida inatajwa: msambazaji wa karatasi anasema ankara namba 118 haijalipwa, na dereva wake amekataa kushusha mzigo. Mhasibu anajibu palepale. Malipo yalitoka jana, na stakabadhi ya benki anayo kwenye kompyuta. Jibu lisilozidi dakika moja limesubiriwa kwa saa moja na dakika 40, na muda wote huo dereva yuko getini.

Hakuna aliyekosa adabu hapo. Tunapokutana uso kwa uso, habari za nyumbani, za watoto na za kazi huulizwa na kujibiwa kwa sekunde chache, kwa kuwa wote wawili tupo. Katika maandishi, kila zamu ya salamu inamngoja mtu ashike simu. Waandishi wa barua wa pwani walilijua hilo zamani. Katika barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zile ambazo Carl Büttner alizichapisha Berlin mwaka 1892, mwandishi humsalimu mwenziwe kwa heshima, kisha hapo hapo huingia kwenye habari yenyewe: bidhaa, deni, safari. Barua ingeweza kusafiri siku nyingi, kwa hiyo salamu na haja zilipanda chombo kimoja. Meseji ya kazini ni ndugu wa barua hizo, ila sisi tunaiandika kama tunapiga hodi mlangoni.

Hasara haiishii kwenye kusubiri. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha. Mhasibu wetu amekatizwa mara tatu, na mara mbili za kwanza hakupewa hata jambo la kushughulikia. Halafu "Habari" tupu kutoka kwa mkubwa wa kazi hutia wasiwasi: je, kuna kosa limeonekana?

Sasa karani aandike hivi saa 3:10:

"Habari za asubuhi dada. Naomba kujua kama ankara namba 118 ya karatasi imelipwa. Dereva yuko getini, anataka uthibitisho kabla ya saa 4 ndipo ashushe mzigo."

Salamu ipo. Jambo lina jina na namba, linalotakiwa limetajwa, na muda umewekwa. Mhasibu akiiona saa 3:35, atajibu "Nzuri, imelipwa jana" na kuambatisha stakabadhi. Akiwa na haraka, anajua pia kwamba hili haliwezi kungoja mchana.

Tatizo dogo la kiufundi huchangia. Kwenye kompyuta, kitufe cha Enter kwa kawaida hutuma ujumbe badala ya kushuka mstari, hivyo salamu huondoka kabla hujaanza sentensi ya pili. Bonyeza Shift na Enter kwa pamoja. Na salamu isiwe ndefu mno, kwa sababu simu iliyofungwa huonyesha maneno ya mwanzo tu. "Natumaini umeamka salama wewe na familia yote" ikijaza hapo, shida yako haitaonekana.

Kwa mtu mzima, shikamoo ibaki mahali pake: "Shikamoo mzee. Naomba saini yako kwenye hati ya malipo, nimeiweka mezani kwako." Ataitikia marahaba na kukujibu kwa mara moja. Sijaona heshima inayopungua hapo. Naiona ikiongezeka, kwa kuwa hukumfanya mzee akungoje.

Yapo mambo yasiyofaa kumwagwa kwenye meseji: msiba, mshahara, ugomvi wa kazini. Hayo nayo yana namna yake. "Habari kaka. Nina jambo binafsi kuhusu likizo yangu, si la dharura. Naweza kukupigia baada ya saa 8?" Siri imehifadhiwa, na mwenzako hajabaki akikisia.

Na ukiwa wewe ndiye uliyepokea "Mambo" peke yake, usimkaripie aliyetuma, wala usijibu "Poa" ukanyamaza. Andika, "Poa, karibu. Nieleze yote kabisa, nitakujibu nikimaliza kikao saa 6." Atakuandikia shida yake ukiwa bado kikaoni.