Laini Inapojifunga: Fahamu PIN na PUK kabla ya Kujaribu Tena

Miongoni mwa mambo yanayowafadhaisha watumiaji wa simu za mkononi ni kuwasha simu asubuhi na kukuta kioo kinadai namba ambayo mwenye simu haikumbuki, au hajui kama iliwahi kuwapo. Wengi hubahatisha. Baada ya kukosea mara chache, kioo hubadilika na kuandika `Enter PUK`, na hapo mtumiaji huanza kuamini kwamba laini imeharibika au imefungiwa na mtoa huduma. Kwa kawaida si hivyo. Kadi imejifunga yenyewe, na inaweza kufunguliwa iwapo mwenyewe ataacha kubahatisha kwa wakati. Katika makala hii tunaeleza kwa nini kadi hujifunga, namna ya kuifungua, na namna ya kumtambua tapeli anayejifanya kukusaidia.

PIN ya laini si PIN ya simu wala ya pesa

Mtumiaji wa kawaida ana namba za siri za aina tatu, na kuzichanganya ndicho chanzo kikubwa cha tatizo hili. Ya kwanza ni namba inayofungua kioo cha simu. Hiyo inalinda simu yenyewe, pamoja na picha na maandishi yaliyomo. Ya pili ni namba ya siri ya huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, ambayo inahakikiwa katika mitambo ya mtoa huduma. Ya tatu ndiyo PIN ya laini. Hii imehifadhiwa ndani ya kadi ndogo unayoipachika kwenye simu, na huwa na tarakimu nne hadi nane.

PIN ya laini ikiwa imewashwa, simu huidai kila inapowashwa upya au kadi inapohamishiwa simu nyingine. Manufaa yake huonekana simu inapoibwa. Mwizi akichomoa kadi na kuipachika kwenye simu yake bila PIN ya kumzuia, ataanza kupokea ujumbe mfupi uliokusudiwa kwako, zikiwamo namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na mitandao ya kijamii. PIN ya laini humzuia asifike huko. Hata hivyo, kinga hii ina mpaka: simu ikiibwa ikiwa imewashwa, kadi huendelea kufanya kazi hadi simu itakapozimwa au kadi itakapochomolewa. Kwa hiyo, hata kama umeweka PIN, toa taarifa ya wizi mara moja ili laini ifungwe.

Mara tatu, kisha mara kumi

Namba ya tarakimu nne inaweza kupatikana kwa kubahatisha iwapo anayejaribu hana kikomo. Kwa sababu hiyo, kadi imetengenezwa ikiwa na hesabu yake ya ndani. Inakupa nafasi tatu za kuingiza PIN. Ukiingiza PIN sahihi, hesabu hurudi kuwa tatu. Ukikosea mara tatu mfululizo, kadi hukataa PIN yoyote, hata iliyo sahihi, na kudai PUK, ambayo ni namba ya tarakimu nane ya kufungulia kadi hiyo.

Hesabu hii imo ndani ya kadi, haimo ndani ya simu. Kuzima simu na kuiwasha hakuirudishi nyuma, na kuipachika kadi kwenye simu nyingine hakuongezi nafasi hata moja. Wapo wanaoshauriwa na mafundi waifute simu na kuirudisha katika hali ya kiwandani. Kufanya hivyo hupoteza picha na kumbukumbu zako, na kadi hubaki imefungwa kama ilivyokuwa.

PUK nayo ina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni nafasi kumi. Ukikosea PUK mara kumi, kadi hufungwa moja kwa moja, na hakuna fundi, programu wala ofisi inayoweza kuifufua. Namba yenye tarakimu nane ina michanganyiko milioni mia moja, hivyo kuibahatisha kwa nafasi kumi ni sawa na kuiharibu kadi kwa mikono yako.

Mfano wa mama muuza samaki

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki sokoni, ambaye hupokea malipo ya wateja kwa simu. Simu yake ilizimika kwa kuishiwa chaji, na alipoiwasha ikadai PIN. Hakukumbuka kwamba mwanawe aliwahi kuiwasha PIN ya laini katika sehemu ya mipangilio. Mama akaingiza namba yake ya siri ya pesa, ikakataliwa. Akadhani amebonyeza vibaya, akairudia, kisha akairudia tena. Nafasi tatu zikaisha, na simu ikadai PUK.

Jirani yake akaichukua simu na kujaribu `00000000`, kisha `12345678`, kisha namba mbili nyingine alizozibuni. Simu ikaonesha kwamba zimebaki nafasi sita. Hapo mama akaomba arudishiwe simu yake, na uamuzi huo ndio uliookoa kadi.

Alipofika nyumbani alitafuta kipande cha plastiki alichobanduliwa kadi siku aliponunua laini. Juu yake mlikuwa na namba mbili. Moja ilikuwa ndefu, ikianza na `89255`. Hiyo ni namba ya utambulisho wa kadi, na si PUK. Ya pili ilikuwa na tarakimu nane, na pembeni yake pameandikwa `PUK`. Akaiingiza taratibu, simu ikamtaka achague PIN mpya na kuirudia, na laini ikarudi. Salio lake la pesa lilikuwa kama alivyoliacha, kwa sababu fedha hizo hazikai ndani ya kadi. Zimo katika akaunti yake kwenye mitambo ya mtoa huduma.

Laiti mama huyu angekuwa amewahi kubadilishiwa kadi, plastiki ile ya zamani isingemsaidia. Namba ya simu inaweza kubaki ileile, lakini kila kadi mpya huja na PUK yake. Tumia plastiki ya kadi uliyonayo sasa.

Hatua za kufuata

Kwanza, acha kubahatisha mara tu unapokosea PIN kwa mara ya pili. Nafasi moja iliyobaki ina thamani kuliko haraka yako.

Pili, tafuta PUK kwenye plastiki ya kadi. Usipoipata, omba simu ya mtu unayemwamini mwenye laini ya mtandao uleule, kisha piga simu huduma kwa wateja. Kwa mitandao ya simu za mkononi ya Tanzania namba hiyo ni `100`. Mhudumu atakuuliza maswali ya kuthibitisha kwamba laini imesajiliwa kwa jina lako, kisha atakutajia PUK. Unaweza pia kwenda katika duka la mtoa huduma ukiwa na kitambulisho chako.

Tatu, iandike PUK kwenye karatasi, uisome upya, ndipo uiingize. Simu nyingi zitakuongoza zenyewe. Ikiwa simu yako haioneshi pa kuingiza, andika mfululizo ufuatao kama unayepiga simu, ukiweka namba zako mahali pa maneno:

```
**05*PUK*PIN mpya*PIN mpya#
```

Nne, ikiwa nafasi kumi zimekwisha, nenda katika duka la mtoa huduma au kwa wakala wake anayetambulika, ukapewe kadi mpya yenye namba yako ileile. Utathibitishwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Utakachopoteza ni majina na namba ulizokuwa umezihifadhi ndani ya kadi ya zamani. Ikiwa laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ni yeye atakayetakiwa kufika. Piga `*106#` leo ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kabla hujafikwa na dharura.

PUK hutoka kwa mtoa huduma kuja kwako

Mhudumu halali hana haja ya kukuuliza PUK, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuitoa. Yeyote anayekupigia na kukuambia, "Laini yako itafungwa, nitajie namba nane zilizo kwenye plastiki," hana nia njema.

Tahadhari zaidi ikiwa simu yako imeibwa siku chache zilizopita. PUK peke yake haimfaidii mtu aliye mbali. Humfaidia mtu aliyeishika kadi mkononi. Mwizi aliyekwama kwenye PIN anaweza kukutafuta kupitia namba ya ndugu yako, akajitambulisha kuwa ni mhudumu anayekusaidia kurudisha laini. Ukimtajia PUK, ataweka PIN yake mwenyewe, na laini itakuwa mikononi mwake. Usimjibu. Piga `100`, uombe laini ifungwe, kisha ukachukue kadi mpya. Tapeli akikutumia ujumbe mfupi, unaweza kuupeleka kwenda namba `15040` pamoja na namba iliyoutuma.

Kuwasha PIN bila kujifungia nje

Anayetaka kuwasha PIN ya laini hukutana na mtego mmoja. Simu, kabla ya kuiwasha, hudai PIN ambayo tayari imo ndani ya kadi, yaani ile iliyowekwa na mtoa huduma. Wengi hudhani wanatakiwa kubuni mpya, wakaingiza namba waipendayo mara tatu, na kadi ikajifunga. Soma kwanza PIN iliyoandikwa kwenye plastiki, au uliza huduma kwa wateja, kisha uiwashe kwa namba hiyo. Baada ya hapo ibadilishe, maana PIN za mwanzo hujulikana na wengi. Unaweza kuibadilisha katika mipangilio ya simu au kwa mfululizo huu:

```
**04*PIN ya zamani*PIN mpya*PIN mpya#
```

Chagua PIN isiyofanana na namba yako ya siri ya pesa wala mwaka wako wa kuzaliwa. Ile plastiki yenye PUK iweke nyumbani pamoja na nyaraka zako. Usiiweke katika pochi unayotembea nayo pamoja na simu, kwani anayeiba pochi na simu kwa pamoja atakuwa amepata kufuli na ufunguo wake.