Pikseli 400 za Kitufe Kilichosogea

Je, wajua kwamba kitufe kinaweza kushuka kidogo kwenye skrini, watu kumi wakautazama ukurasa wasione kitu, lakini kompyuta ikakuhesabia nukta zilizobadilika? Wapimaji wa programu huweka folda mbili: moja ina picha za skrini za toleo lililokwisha kukubaliwa, nyingine za toleo jipya. Kila picha hulinganishwa na mwenzake wa jina lilelile, pikseli kwa pikseli. Isiyo na mwenzake hutajwa kando, kwani huenda kuna ukurasa ulioongezwa au uliopotea.

Kwa ImageMagick, programu ya bure, amri ni hii:

```
compare -metric AE zamani/malipo.png mpya/malipo.png tofauti.png
```

Inakupa idadi ya pikseli zisizolingana, na katika `tofauti.png` inazipaka rangi nyekundu.

Tuseme kitufe cha bluu chenye upana wa pikseli 200 na kimo cha 40, juu ya mandhari nyeupe, kimeshuka pikseli moja. Ukiacha maandishi yake, zinahesabiwa 400 tu. Katikati bluu imeangukia juu ya bluu, hivyo hakuna kilichobadilika; ni mstari wa juu uliogeuka mweupe na wa chini uliogeuka bluu. Picha ya tofauti inaonyesha nyuzi mbili nyembamba nyekundu, na ukiziona hivyo unajua mara moja kwamba kitu kimesogea.

Sasa kitufe hicho kibaki mahali pake, ila bluu yake ipande kutoka 232 hadi 233. Pikseli karibu zote 8,000 zitahesabiwa, na hakuna jicho litakaloona. Ndiyo maana mimi siiamini idadi kabla sijaitazama picha. Ukiongeza `-fuzz 2%`, tofauti ndogo kama hiyo inasamehewa. Lakini usiipandishe ovyo: maandishi ya kijivu yaliyofifia hadi hayasomeki nayo yatasamehewa.

Kero kubwa ni herufi. Kompyuta hulainisha kingo zake kwa pikseli za rangi ya kati, na kila mashine hulainisha kwa namna yake. Ukiona wekundu umezunguka kila herufi ya ukurasa mzima, kabla ya kumlaumu aliyeandika programu, uliza kama picha za folda zote mbili zilipigwa kwenye mashine moja. Saa inayotembea na kishale kinachopepesa navyo visimamishwe kabla ya kupiga.

Badiliko likikubaliwa, picha mpya hunakiliwa kwenye folda ya zamani. Hapo ndipo ninapohofu zaidi. Anayenakili folda nzima bila kufungua picha moja moja hulifanya kosa kuwa kipimo, na safari ijayo amri itajibu 0.