Funguo za Mbao na Milango Kumi: Kwa Nini Sinema za Kutoroka Jela Hutushika

Tim Jenkin na Stephen Lee walikuwa vijana wa Kizungu wa Afrika Kusini waliokataa ubaguzi wa rangi. Walifanya kazi ya siri kwa ajili ya chama cha ANC, wakitega vilipuzi vidogo vilivyorusha vipeperushi hewani mahali penye watu wengi. Mwaka 1978 walikamatwa. Jenkin alihukumiwa miaka 12, Lee miaka 8, na wote wawili wakapelekwa gerezani Pretoria. Tarehe 11 Desemba 1979 walitoka humo pamoja na mfungwa mwenzao, Alex Moumbaris, kwa kutumia funguo walizochonga kwa mbao.

Kisa hicho Jenkin alikiandika kitabu, na mwaka 2020 kikawa filamu, Escape from Pretoria, iliyoongozwa na Francis Annan. Daniel Radcliffe ndiye aliyeigiza kama Jenkin. Ukiitazama kwa makini, utaelewa kwa nini sinema za jela huwashika hata watu ambao hawajawahi kukanyaga kituo cha polisi. Tumaini halionekani kwa macho, na hotuba ya mwigizaji haitoshi kulionyesha. Filamu hizi hulionyesha kwa kuligeuza kazi ya mikono.

Tazama kazi yenyewe. Kati ya seli ya Jenkin na barabara palikuwa na milango 10. Funguo zilining'inia viunoni mwa askari jela, naye alizikariri umbo kwa kuziangalia tu zikipita. Wafungwa walikuwa na karakana ya useremala, na humo alichonga ufunguo wa kwanza. Kila ulipokwama kitasani aliutoa, akaukagua kuona meno yaligusa wapi, akasugua tena. Mlango wa nje wa seli ulikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwa sababu tundu la kitasa lilikuwa upande wa korido, nje kabisa ya mkono wa mfungwa. Jenkin alitengeneza kifaa kwa mpini wa ufagio, akakipitisha dirishani na kuuzungusha ufunguo kutoka ndani. Mlango mmoja ulipokubali, ule uliofuata ulidai ufunguo wake, na mwaka ukapita katika kazi hiyo.

Annan hakuhitaji mapigano ili kutukosesha pumzi. Kamera yake husogea karibu mno na kitasa, hata ufunguo ukajaa kiooni. Muziki hupungua na masikio yetu hubaki kusikiliza mbao zikisaga chuma, huku viatu vya askari vikikaribia. Tunajua ufunguo ule ni laini na unaweza kukatikia ndani. Tunajua pia askari ana hatua ngapi kabla hajafika kwenye kona. Mtazamaji anayejua kila anachokijua mfungwa huacha kuwa shahidi. Vidole vyake navyo huanza kukakamaa.

Mbinu hii ina mzee wake. Mwaka 1956 Mfaransa Robert Bresson alitoa filamu ambayo jina lake tayari linatangaza kwamba aliyehukumiwa kifo ametoroka. Ilitokana na kisa cha André Devigny, mpiganaji aliyewatoroka Wajerumani katika gereza la Montluc, mjini Lyon, mwaka 1943. Bresson mwenyewe aliwahi kuwa mateka wa vita mikononi mwa Wajerumani. Kwa kutuambia mwisho mapema, alituondolea swali la kama mtu huyu atatoka, akatuachia la namna atakavyotoka. Basi tunamwona akinoa kijiko cha chuma na kulegeza mbao za mlango moja baada ya nyingine, kisha akisokota kamba kwa waya wa kitanda na vitambaa. Kazi inapokaribia kuisha, kijana asiyemjua anaingizwa selini mwake. Je, ni jasusi? Amuue, au aende naye? Anaamua kumwamini, na walipofika ukutani anatambua kwamba peke yake asingeweza kuupanda. Kijiko na kamba vilimfikisha pale, lakini bila kumwamini yule kijana angekwama.

Filamu ya jela inayopendwa kuliko zote, The Shawshank Redemption ya mwaka 1994, imeshika njia ya kinyume. Frank Darabont anatuficha kazi yote. Andy Dufresne anaingia gerezani mwaka 1947 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na kwa miaka 19 tunamwona akitunza hesabu za mkuu wa gereza na kujenga maktaba. Shimo alilokuwa akilichimba nyuma ya picha ya ukutani tunalijua baada ya yeye kuondoka. Hapo ndipo kila tulichokiona kinabadilika maana. Utulivu tuliodhani ni wa mtu aliyekubali yaishe, kumbe ulikuwa wa mtu mwenye shughuli zake za usiku.

Ila nguvu kubwa ya filamu hiyo imo kwa wale wasiochimba. Mzee Brooks anaachiliwa baada ya karibu miaka 50, anapewa chumba na kazi, na anajinyonga. Rafiki wa Andy, Red, anapoachiliwa anafanya kazi dukani na bado anamwomba msimamizi ruhusa ya kwenda chooni. Hakuna anayemzuia, lakini mwili umezoea kuruhusiwa. Nadhani hapa ndipo wengi hujiona. Aliyekaa miaka kwenye ndoa ya vitisho, au kazini kwa bosi anayemdhalilisha, anajua kwamba mlango kufunguliwa ni jambo moja na miguu kutoka ni jingine. Filamu hiyo haikuingiza fedha nyingi ilipotoka kwenye majumba ya sinema. Iliwafikia watu baadaye, kwa kanda za video na televisheni, walipoitazama sebuleni na kuirudia.

Sinema hizi zina udhaifu wake, nao ni rahisi kuutambua. Filamu mbovu hugeuza gereza kuwa fumbo la kufumbuliwa: shujaa ana ramani kichwani, walinzi wote ni wajinga, na waliobaki ndani wanasahaulika tangu anapovuka ukuta. Pale Pretoria mambo hayakuwa mepesi hivyo. Baada ya kujiandaa muda wote ule, funguo ziligoma kwenye mlango wa mwisho, ikabidi waubomoe kwa patasi, alama ikabaki wazi kwa yeyote atakayepita. Walitoka kwa ustadi wa miezi mingi pamoja na bahati ya dakika chache.

Tena palikuwa na Denis Goldberg, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964 katika kesi moja na Nelson Mandela. Alishiriki kupanga, na usiku ule alimshughulisha mlinzi ili wenzake wapite, lakini yeye hakutoka. Watu wengi wangeongeza hatari ya wote kunaswa. Jenkin na Lee walivuka Swaziland hadi Msumbiji. Goldberg aliachiliwa mwaka 1985, baada ya miaka 22 ndani. Filamu ya Annan inampa Goldberg nafasi ya kutosha, ikimwonyesha kama mtu anayeona kuwa kukaa gerezani kwa ajili ya imani yake nako ni mapambano. Ndiyo maana naihesabu miongoni mwa filamu nzuri za aina yake. Inamheshimu aliyechonga ufunguo, na haimhesabu aliyebaki kuwa amekata tamaa. Watazamaji wengi wa sinema hizi wana milango ambayo hawawezi kuitoroka leo, nao wanastahili hadithi inayowatambua.