Mkahawa Mmoja, Taarifa Mbili

Tuseme hoteli iliyoko Nyali, Mombasa, inafungua mkahawa wa vyakula vya Pwani. Mlango utafunguliwa Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2025, saa 1 jioni. Afisa wa mawasiliano anaandika taarifa kwa vyombo vya habari, anaipeleka kwa mfasiri, kisha anazituma zote mbili, moja Nairobi na nyingine London na New York. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu wasomaji hawa wawili hawaulizi maswali yaleyale.

Msomaji wa Mombasa anaijua Nyali. Anachotaka kujua ni kama asiyelala hotelini anaruhusiwa kuingia, sahani ni shilingi ngapi, nyama ni halali au la, na kama vijana wa mtaani wameajiriwa. Kwa hiyo aya ya kwanza yake iseme hivi: “Kuanzia Ijumaa, wakazi wa Mombasa wataweza kula samaki wa kupaka kando ya bahari Nyali bila kukodi chumba.” Bei ifuate hapohapo. Ikifichwa, mhariri atapiga simu kuiuliza au ataiacha habari yenyewe.

Msomaji wa London hana habari kwamba Mombasa ni kisiwa, wala kwamba Nyali iko bara, ng'ambo ya daraja upande wa kaskazini. Yaelezwe hayo kwa sentensi moja. Chakula nacho kiguswe kwa karibu. Kuandika “samaki wa kuchoma wa Kiswahili” hakumpi ladha yoyote. Jina libaki samaki wa kupaka, halafu aambiwe kwamba ni samaki aliyechomwa kwenye makaa huku akipakwa tui zito lenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, hadi tui likashika ngozi na kuanza kuungua pembeni. Mwandishi wa safari anaweza kuianza makala yake hapo.

Mtego mkubwa zaidi ni saa. Mfasiri asiye makini huiacha “saa 1” kama ilivyo, na mgeni akaelewa ni saa saba mchana wetu. Taarifa ya nje iandike 19:00, saa za Afrika Mashariki. Tarehe nayo isiandikwe 05/12, kwani Mmarekani huanza na mwezi, naye atasoma 12 Mei. Mwezi uandikwe kwa jina.

Taarifa ikizuiwa kutangazwa kabla ya saa fulani, zuio litaje saa za mahali. Mlango ukifunguliwa Nyali, London ni 16:00 na New York ni 11:00 asubuhi. Mhariri akiachiwa kukisia, gazeti moja litatangulia na mengine yatanuna.

Mwisho, namba ya simu ianze na +254 badala ya sifuri. Mwandishi wa New York akipiga saa 11 jioni yake, Mombasa itakuwa saa 7 usiku, kwa hiyo pawepo pia barua pepe ya mtu atakayeifungua alfajiri.